Kukosoa Kampuni au Mtu Mashuhuri Kwenye Video Bila Kumchafulia Jina: Pima Kila Sentensi kwa Ushahidi Wake

Mwezi Aprili 2025 mahakama moja ya jimbo la Queensland, Australia, ilimwamuru mtengeneza video wa YouTube, Karl Jobst, amlipe Billy Mitchell dola 350,000 za Australia, mbali na riba. Mitchell ni mchezaji wa michezo ya video aliyejulikana kwa rekodi zake, na kwa miaka mingi amekuwa akituhumiwa kwamba baadhi ya rekodi hizo alizipata kwa udanganyifu. Watu wengi waliofuata kesi kwa mbali walidhani ugomvi ni huo wa udanganyifu. Haukuwa huo. Kilichomponza Jobst ni madai mengine ndani ya video yake ya mwaka 2021: kwamba Mitchell alimshitaki mtengeneza video mwingine, akamlipisha fedha nyingi, na deni hilo likachangia mtu huyo kujiua. Suluhu ya kesi ile ya awali ilikuwepo kweli, ila haikuwa na malipo hayo.

Kesi hiyo inaonyesha mahali hatari inapokaa. Mkosoaji hutumia wiki nzima kuhakiki hoja yake kuu, kisha sentensi ya pembeni, aliyoisikia kwa mtu na kuitia ili simulizi ichome zaidi, inapita bila kuguswa. Mwongozo huu unahusu namna ya kuikamata sentensi hiyo kabla video haijapanda.

Sheria inatazama nini

Sheria zinatofautiana, lakini msingi unafanana sehemu nyingi. Unakuwa umemchafulia mtu au kampuni jina pale unapowaambia watu wengine jambo linaloshusha heshima yake, watazamaji wakajua unamzungumzia nani, na jambo lenyewe si kweli. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba ulisema uongo. Ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwamba ulisema kweli. Marekani ni tofauti: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1964 kati ya gazeti la New York Times na Sullivan, mlalamikaji aliye ofisa wa umma, na baadaye mtu mashuhuri yeyote, lazima aonyeshe kwamba msemaji alijua anasema uongo au hakujali kabisa kama ni kweli. Wengi hujifunza ukosoaji kwa kutazama chaneli za Marekani na kuiga ulimi wao bila kuwa na kinga hiyo. Isitoshe, video inatazamwa kila mahali, na anayelalamika anaweza kufungua kesi anakoishi yeye badala ya unakoishi wewe.

Kwa hiyo fanya kazi kana kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ukiubeba huo, kwingineko utakuwa salama zaidi.

Hatua ya kwanza: andika skripti yote, kisha itie namba

Usikosoe kwa kuongea papo kwa papo. Kwenye matangazo mubashara ulimi unakimbia kuliko akili, na kilichotoka hakirudi. Andika kila utakachosema, hata vichekesho, kisha weka namba kwenye kila sentensi inayodai jambo kuhusu kampuni au mtu unayemkosoa.

Halafu jiulize kwa kila namba: hili ni tukio, ni maoni, au ni tuhuma ya mtu mwingine?

Tukio ni jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa: alilipwa, hakuleta, alisaini, alifukuzwa. Hilo linahitaji ushahidi.

Maoni ni hukumu yako juu ya tukio: huduma mbovu, jibu la dharau, sera isiyo ya haki. Sheria nyingi huyalinda maoni, ila kwa masharti mawili ya maana. Mtazamaji aweze kutambua kwamba ni maoni, na matukio unayoyajengea maoni hayo yawe ya kweli na uwe umeyaonyesha. Kuweka “nadhani” mbele hakugeuzi tukio kuwa maoni. “Nadhani mkurugenzi anaiba fedha za wateja” bado ni tuhuma ya wizi.

Tuhuma ya mtu mwingine ndiyo inayowatega wengi. “Inasemekana”, “wadau wanadai”, “mfuasi wangu kaniandikia” hazikuokoi. Kwa sheria za nchi nyingi, anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeianzisha. Ukisema “mteja mmoja anadai wametapeli”, utatakiwa kuthibitisha kwamba wametapeli. Haitoshi kuonyesha kwamba mteja alisema hivyo. Ripoti ya haki ya yaliyotamkwa mahakamani au bungeni kwa kawaida ina kinga yake, mradi uripoti kwa usahihi na pande zote.

Hatua ya pili: daftari la madai

Fungua jedwali la kawaida lenye safu tano: namba ya sentensi, sentensi yenyewe, ushahidi ulionao, ushahidi huo unathibitisha nini hasa, na kinachokosekana. Safu ya nne ndiyo roho ya kazi yote. Watu hujaza ya tatu wakaridhika, maana faili zimejaa. Lakini kuwa na ushahidi na kuwa na ushahidi wa *sentensi hiyo* ni mambo mawili.

Tuseme unatengeneza video kuhusu duka la mtandaoni linalouza simu. Wateja sita wamekutumia ujumbe kwamba walilipa na hawakuletewa. Skripti ya kwanza ina sentensi hizi:

(4) “Hawa ni matapeli.”
(5) “Wamewaibia mamia ya watu.”
(6) “Mwenye duka amezima simu na kukimbia.”

Anza na wale sita kabla ya kugusa sentensi. Kila mmoja akupe risiti ya malipo, mawasiliano yake na duka tangu mwanzo hadi mwisho, na tarehe aliyoahidiwa mzigo. Kisha linganisha jambo moja ambalo wengi hulisahau: je, akaunti au namba iliyopokea fedha ndiyo ile ambayo duka lenyewe limeitangaza kwenye ukurasa wake rasmi? Kurasa bandia zenye jina na nembo ya duka halisi ni nyingi. Mteja anaweza kuwa mkweli kabisa na duka likawa halina kosa, kwa sababu alimlipa mtu mwingine.

Tuseme baada ya uhakiki huo, mmoja alilipa akaunti isiyojulikana. Wa pili, ulipomuuliza tena, alikiri kwamba amerudishiwa fedha wiki iliyopita. Wamebaki wanne. Sasa rudi kwenye daftari.

Sentensi ya 4: risiti nne na mazungumzo manne. Vinathibitisha nini? Kwamba watu wanne walilipa na tarehe ya ahadi ikapita bila mzigo. Havithibitishi kwamba duka lilipanga tangu mwanzo kutopeleka, na utapeli ni nia hiyo. Huenda mwagizaji wao alikwama. Sentensi haisimami.

Sentensi ya 5: unao wanne. “Mamia” umeyatoa kwenye komenti. Haisimami.

Sentensi ya 6: ulipiga simu mara tatu kwa siku mbili haikupokelewa. Hilo ndilo tukio. “Amekimbia” ni tafsiri yako.

Skripti mpya inakuwa hivi: “Nimezungumza na wateja wanne. Nimeona risiti zao, na fedha ziliingia kwenye akaunti ambayo duka limeitangaza kwenye ukurasa wake. Wote waliahidiwa mzigo ndani ya siku saba. Hadi ninaporekodi video hii, anayesubiri kwa muda mrefu zaidi amefikisha siku sitini na moja. Nimelipigia duka mara tatu na kuliandikia barua pepe, sijajibiwa. Kwa maoni yangu, duka linaloendelea kutangaza ofa mpya wakati wateja hawa wanasubiri haliwatendei haki, na mimi nisingelipa kabla ya kupokea mzigo.”

Soma hizo mbili tena. Ya pili haina tusi hata moja, lakini inauma zaidi, kwa sababu mtazamaji anaona mwenyewe. Na kila kipande chake kina faili nyuma yake, ikiwemo hilo la ofa mpya: lazima uwe na rekodi ya matangazo hayo yenye tarehe.

Kuna maneno ambayo ukiyaona kwenye daftari yasimamishe: tapeli, mwizi, fisadi, amehonga, feki, anatakatisha fedha, na kila neno linalotaja kosa la jinai. Yaache kama huna hukumu ya mahakama au nyaraka zinazoonyesha kila kipengele cha kosa lenyewe. Maneno ya jumla nayo yana hatari yake: “siku zote”, “kila mteja”, “hajawahi”. Mteja mmoja tu aliyehudumiwa vizuri anaivunja sentensi.

Hatua ya tatu: hifadhi ushahidi namna ambayo hautabishaniwa

Skrinishoti ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza, na mara nyingi haionyeshi anwani ya ukurasa wala saa. Usiitupe, lakini usiitegemee peke yake.

Kwa ukurasa wa wavuti au chapisho la wazi, rekodi skrini ukianzia kwenye kuandika anwani, ukurasa ufunguke, uteremke polepole hadi kwenye maneno husika, na anwani ionekane. Kisha nenda web.archive.org, bandika anwani hiyo kwenye sehemu ya Save Page Now, uhifadhi nakala. Nakala hiyo inakaa kwa mtu wa tatu, ina tarehe na saa, nawe huna uwezo wa kuibadilisha. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Machapisho ya mitandao ya kijamii yanayodai kuingia kwa akaunti mara nyingi hayahifadhiki vizuri kule, kwa hiyo ifungue nakala uitazame kabla ya kuondoka. Fanya haya yote kabla ya kuwasiliana na unayemkosoa. Machapisho hufutwa saa chache baada ya swali la kwanza kufika.

Kwa picha, sauti na video za mashahidi, omba faili asilia. Ikipita kwenye programu ya ujumbe kama picha ya kawaida, hubanwa, na taarifa za ndani kama tarehe na kifaa kilichopiga hupotea. Mwambie aitume kama waraka, au kwa barua pepe. Faili asilia liweke kwenye folda ambayo huigusi tena, na kazi ya kuhariri ifanyike kwenye nakala.

Faili likishaingia kwenye folda hiyo, chukua alama yake ya SHA-256. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Likibadilika hata kidogo, alama inayotoka ni tofauti kabisa. Kwenye Linux:

```
sha256sum risiti-mteja-02.jpg
```

Kwenye Windows:

```
certutil -hashfile risiti-mteja-02.jpg SHA256
```

Nakili alama hiyo kwenye daftari, kisha jitumie kwa barua pepe. Mwaka mmoja baadaye mtu akidai ulichezea risiti, utaonyesha kwamba faili ulilonalo leo ndilo ulilokuwa nalo siku ile. Alama hii ina mpaka wake: inathibitisha kwamba faili halijabadilika tangu ulipoipima, lakini haisemi kama lilikuwa la kweli lilipokufikia. Hilo la pili linatoka kwa shahidi mwenyewe. Andika aliyekupa, lini, kwa njia gani, na kama yuko tayari kusema hayo mbele ya mahakama. Shahidi anayesema “usinitaje kamwe” anaweza kukupa fununu ya kufuatilia, lakini sentensi isisimame juu yake peke yake, maana siku ya kesi utakuwa huna mtu.

Kurekodi mazungumzo ya simu kunahitaji tahadhari. Kuna sehemu ambapo inatosha mmoja wa wanaozungumza kuridhia, na kuna sehemu ambapo ni lazima wote waridhie. Njia salama ni kuomba ruhusa, kisha kuirudia sauti ikiwa tayari inarekodi: “Umekubali nirekodi mazungumzo haya, sivyo?” Akikataa, andika muhtasari mara tu baada ya simu, ukitaja saa na maneno yake unayoyakumbuka barabara.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Hatua ya nne: mpe nafasi ya kujibu

Hii si adabu tu. Mahakama inapopima kama ulifanya kazi kwa uangalifu, swali mojawapo la mwanzo ni kama ulimuuliza mhusika. Na majibu huokoa: mara nyingine kampuni inakutumia waraka unaoonyesha kwamba mteja wako wa tatu alikuficha jambo.

Andika kwa anwani rasmi, taja madai yenyewe, uliza maswali yanayojibika, na weka muda unaotosha. “Nina video kuhusu huduma zenu, mna la kusema?” haitoshi, kwa sababu hawajui wanatuhumiwa nini. Andika namna hii:

“Naandaa video kuhusu wateja wanne ambao, kwa mujibu wa risiti nilizoziona, walilipia simu kwenu kati ya tarehe fulani na fulani na hawajapokea mzigo. Naomba mnijibu: mzigo huo uko wapi, fedha zitarudishwa lini, na kwa nini matangazo ya ofa yanaendelea? Nitaweka majibu yenu kwenye video nikiyapata kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.”

Wateja wakiwa hawajaruhusu, usitaje majina yao. Muda wa siku tatu hadi tano za kazi unafaa kwa jambo lisilo la dharura. Mpe zaidi kama madai ni mengi au ya zamani. Majibu yakija, weka kiini chake kwenye video pale pale panapozungumziwa dai husika, usiyafiche kwenye dakika ya mwisho. Ikiwa hawakujibu, sema hawakujibu. Usiseme “wamekwepa”.

Kuna jambo moja usilifanye hata kwa mzaha: usiseme “mrudishieni mteja fedha, la sivyo napandisha video”, wala usiombe malipo ili usiipandishe. Hata madai yako yakiwa kweli tupu, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa ni kutisha ili kujipatia manufaa, na hapo mwenye kosa ni wewe.

Hatua ya tano: pima picha na kichwa cha habari

Mahakama haitazami maneno peke yake. Inauliza mtazamaji wa kawaida ameelewa nini, na kwenye video maana inatoka kwenye picha ya jalada, kichwa, muziki na mpangilio wa klipu kwa pamoja. Skripti safi huweza kuharibiwa na picha ya jalada yenye sura ya mwenye duka na pingu mkononi.

Alama ya kuuliza haiondoi tuhuma. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya Lord McAlpine dhidi ya Sally Bercow. Mwanamama huyo alikuwa ameandika Twitter swali fupi tu, kwa nini jina la McAlpine linavuma, akaongeza maneno ya kujifanya hajui kitu. Hakumtuhumu kwa tamko. Lakini wakati ule watu walikuwa wakimtafuta mwanasiasa ambaye hakutajwa jina, aliyetuhumiwa kudhalilisha watoto, na jaji akaona msomaji wa kawaida angeelewa kwamba ndiye huyo. McAlpine hakuhusika kabisa. Kwa hiyo “Je, duka hili linatapeli?” juu ya video isiyojibu swali hilo kwa ushahidi ni sawa na kusema linatapeli.

Itazame video iliyokamilika mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti, uangalie picha zinasema nini peke yake. Je, unapotamka “fedha hazikurudishwa”, kwenye skrini kuna mfanyakazi wa kawaida aliyepita tu mbele ya kamera? Umemtuhumu yeye. Hata kufunika jina hakusaidii kama sauti, gari au mlango wa ofisi unamtambulisha. Mara ya pili mpe mtu asiyejua habari hiyo aitazame, kisha muulize: “Umeelewa kwamba wamefanya nini?” Usimwongoze. Akijibu “wanaiba”, na daftari lako linasema “wamechelewesha”, rudi kuhariri.

Mtu mashuhuri anahitaji mpaka mmoja zaidi. Kosoa kazi yake, kauli zake, ahadi zake na fedha za umma anazosimamia. Ugonjwa wake, ndoa yake na watoto wake viache kama havigusi kazi hiyo. Sheria za faragha zinaweza kukubana hata kama ulichosema ni kweli, na katika nchi ambazo kashfa ni kosa la jinai pia, ukweli wa habari hautoshi daima kukulinda. Ukitaka kumtuhumu mtu kwa jinai, au jambo likiwa tayari mahakamani, mlipe wakili asome skripti na daftari kabla hujapandisha. Utamwokolea muda mwingi, kwa sababu kila namba ina faili lake.

Hatua ya sita: baada ya video kupanda

Komenti unayoibandika juu, unayoijibu kwa kukubali au unayoipa alama ya moyo inaweza kuchukuliwa kuwa umeiunga mkono. Mfuasi akiandika “ni majambazi hawa”, usimpongeze. Tuhuma nzito zikiingia, zifute, lakini piga skrinishoti kwanza.

Duka likirudisha fedha baada ya video, sema hivyo kwenye maelezo na kwenye komenti uliyobandika, pamoja na tarehe. Sentensi ikibainika si kweli, irekebishe siku hiyo hiyo. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili ukabaki na kiungo kile kile, ila kihariri cha YouTube Studio kinakuwezesha kukata kipande kibaya ndani ya video iliyopanda. Kikate, kisha andika wazi ulichokata na kilicho sahihi. Kukata kimya kimya kunaonekana kama kuficha, na waliokwisha kuamini hawajui kwamba umebadilisha.

Barua ya wakili ikija, usiisome kwenye video kwa hasira. Tafuta humo ni sentensi zipi wanazolalamikia, na kama hawakuzitaja, waandikie uwaombe wazitaje. Fungua daftari kwenye namba hizo, soma safu ya nne, kisha mpelekee wakili wako barua, daftari na folda asilia kabla hujajibu neno. Kuanzia siku hiyo usifute kitu chochote, hata mazungumzo yanayokuumbua. Kuharibu ushahidi baada ya kupewa taarifa ya kesi kunaweza kukugharimu kuliko sentensi yenyewe. Muda wa kufungua kesi unatofautiana kwa nchi, na kila anayepandisha video upya anaweza kuuanzisha tena, kwa hiyo folda ya video hiyo iache mahali pake kwa miaka, si kwa miezi.